Sahani Moja ya Wali Nyama Inakugharimu Shilingi Ngapi? Piga Hesabu Kabla Hujaandika Bei

Leo nazungumza na nyie mnaouza chakula: mwenye banda, mwenye kimgahawa cha meza nne, na wewe unayepika nyumbani halafu unapokea oda WhatsApp.

Wengi tunapanga bei kwa kumwangalia jirani. Jirani anauza wali nyama 3,500, na sisi tunaandika 3,500. Jioni hela ipo mkononi, kwa hiyo tunajua biashara inaenda. Mwisho wa mwezi kodi ya fremu inafika na hatuelewi hela imeenda wapi.

Mara nyingi jibu liko kwenye sahani yenyewe. Hatujui inatugharimu kiasi gani. Tushike mfano mmoja tuuhesabu mpaka mwisho. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Wewe weka za soko lako, iwe ni Maili Moja, Kisarawe mjini au Ruvu Darajani. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Dada wa Mlandizi na hesabu yake ya kichwani

Chukulia dada mmoja ana banda Mlandizi, karibu na Barabara ya Morogoro. Anapika wali wa nazi, nyama ya mchuzi, maharage na mchicha. Anauza 3,500. Anafungua siku 6 kwa wiki, yaani kama siku 26 kwa mwezi.

Kila asubuhi anaingia sokoni na kutoka na hivi:

Mchele kilo 5 kwa 2,800: 14,000
Nyama mchanganyiko kilo 3 kwa 11,000: 33,000
Maharage kilo moja na nusu: 4,500
Mchicha mafungu 6: 3,000
Mafuta ya kupikia lita 1: 4,500
Nyanya, vitunguu, karoti na hoho: 5,000
Nazi 3: 3,000
Chumvi na viungo: 1,000
Bajaji ya kurudisha mzigo: 2,000

Jumla 70,000.

Hapo kwenye bajaji amefanya vizuri, maana wengi huwa tunaisahau. Chakula hakijawa chako mpaka kifike jikoni, kwa hiyo nauli ni sehemu ya bei ya mchele.

Sasa dada anasema hivi: "Kilo 5 za mchele zinanipa sahani 35. 70,000 gawa kwa 35 ni 2,000. Nauza 3,500, kwa hiyo nabaki na 1,500 kila sahani."

Hesabu ya kugawanya haina kosa. Kosa lipo kwenye hiyo 35. Hajawahi kuzihesabu.

Hatua ya 1: Hesabu sahani zilizotoka kweli

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo inayobadilisha kila kitu.

Chukua makopo matatu na punje za harage. Kila sahani iliyolipiwa, tumbukiza punje kwenye kopo la kwanza. Sahani uliyokula wewe, msaidizi wako, au uliyompa mtu bure, punje inaingia kopo la pili. Jioni, kadiria sahani zilizobaki kwenye sufuria bila kuuzwa, weka punje zake kopo la tatu. Fanya hivyo siku 6 mfululizo. Usifanye siku moja tu, kwa sababu Ijumaa na Jumatatu si sawa, na siku ya mvua ni habari nyingine kabisa.

Na mteja wa "nitakulipa mwisho wa mwezi"? Punje yake isiingie kopo la kwanza mpaka alipe. Iweke pembeni na uandike jina lake.

Tuseme dada amefanya hivyo, na kwa wastani wa siku amepata hivi: sahani 26 zimelipiwa, 2 wamekula yeye na msaidizi, 2 zimebaki. Jumla zilizotoka ni 30. Zile 35 hazikuwahi kuwepo.

Tano zimeenda wapi? Hajaibiwa. Zimeenda kwenye mkono wa kupakulia. Kilo 1 ya mchele mkavu ikiiva inakuwa kama kilo mbili na nusu mpaka karibu tatu za wali, kutegemea aina ya mchele na maji uliyoweka. Sahani 30 kutoka kilo 5 maana yake kila sahani imekula kama gramu 167 za mchele mkavu. Sahani 35 zingetaka gramu 143. Tofauti yake ukiiweka kwenye sahani ni vijiko viwili au vitatu vya wali. Jicho halioni, lakini sufuria linaona. Ongeza na ukoko uliogandia chini.

Sasa gawanya tena. Utagawa kwa ngapi? Si 35, wala si 30. Gawa kwa 26, kwa sababu ni hizo tu zilizoleta hela, na hizo 26 ndizo zinazobeba gharama ya zile 4 ambazo hazikulipiwa.

70,000 gawa kwa 26 ni 2,692.

Ona, hatujagusa mkaa bado, na sahani imeshatoka 2,000 hadi karibu 2,700.

Hatua ya 2: Weka gharama za siku ambazo haziliwi

Hizi haziingii kwenye sufuria, lakini bila hizo hakuna sahani.

Mkaa. Usikadirie. Ukifungua gunia jipya andika tarehe ukutani, likiisha andika tena. Kama gunia la 65,000 limekaa siku 13 za kazi, basi mkaa wako ni 5,000 kwa siku. Kwa mtungi wa gesi fanya hivyohivyo. Anayenunua mkaa kwa kopo kila siku ajue kwamba kwa kawaida analipa zaidi kuliko wa gunia. Na wakati wa masika, njia za porini zinapoharibika na kuni zikiwa mbichi, bei huwa inapanda. Rudia kipimo hiki kila msimu.

Maji na sabuni: 1,500.

Msaidizi: 8,000 kwa siku. Chakula chake tumeshakihesabu kwenye kopo la pili, kwa hiyo usikihesabu mara mbili.

Fremu: 52,000 kwa mwezi, gawa kwa siku 26 unazofungua. Usigawe kwa 30, maana siku uliyofunga haijauza kitu. Inakuwa 2,000.

Leseni, vipimo vya afya vya wanaoshika chakula, na kodi uliyokadiriwa TRA: tuseme kwa mwaka vyote ni 936,000. Gawa kwa siku 312 za kazi, ni 3,000 kwa siku. Hizi zinakuja kwa mkupuo, ndiyo maana zinaangusha watu. Ukizihesabu kila siku, zikifika zinakuta hela ipo.

Jumla ya gharama za siku: 19,500. Gawa kwa sahani 26, ni 750 kwa sahani.

Sasa unganisha: 2,692 jumlisha 750 ni 3,442.

Dada anauza 3,500. Anabaki na shilingi 58 kwa sahani. Ukitaka kuhakiki, pita njia nyingine: ameuza sahani 26 kwa 3,500, ni 91,000. Toa 70,000 ya chakula, toa 19,500 ya gharama za siku. Inabaki 1,500.

Alikuwa anaamini anapata 1,500 kwa kila sahani. Kumbe 1,500 ndiyo ya siku nzima, kuanzia kuamka saa kumi alfajiri mpaka kuosha sufuria la mwisho.

Mbona hakuiona mapema? Kwa sababu kila siku ana 91,000 mkononi. Hela ya kodi na leseni bado haijadaiwa, hivyo anaiona kama faida na anaila kidogokidogo.

Hatua ya 3: Kabla hujapandisha bei, rekebisha sufuria

Wazo la kwanza linalokuja ni kupandisha bei iwe 4,000. Subiri kidogo. Wateja wanaweza kuhamia kwa jirani, na ugonjwa wenyewe ukabaki ndani.

Anza na kipimo cha kupakulia. Tafuta bakuli moja la plastiki. Pima kwa mzani wali wa sahani unayoiona ni ya haki kwa mteja wako, halafu tafuta bakuli linalojaa kiasi hicho. Kwa dada wetu tuseme ni wali kama gramu 390, yaani karibu gramu 150 za mchele mkavu. Kuanzia hapo kila sahani ni bakuli moja, iwe amepakua yeye au msaidizi.

Nyama nayo ihesabu kwa vipande ikiwa bado mbichi. Kilo moja ya mchanganyiko, ukitoa mfupa na maji yanayotoka ikichemka, inaweza kukuachia kama nusu kilo tu ya kutafuna. Ndiyo maana kupakua nyama kwa kukadiria na upawa ni hatari: wateja wa saa sita wanapata vipande vitatu, wa saa nane wanapata mchuzi. Kilo 3 zikatwe vipande 66 vinavyolingana, viwili kwa sahani. Hapo unajua una sahani 33 kabla hujawasha moto.

Halafu punguza kinachobaki. Hapa ndipo sisi wa mtandaoni tuna bahati kuliko mwenye banda asiye na simu. Weka menyu ya kesho kwenye stetasi jioni, chukua oda za kesho usiku huohuo, kisha asubuhi ununue kwa idadi unayoijua. Usipike kwanza halafu uanze kutafuta walaji.

Tuseme amefanya yote hayo. Sufuria lilelile la 70,000 sasa linatoa sahani 33. Wawili wanakula 2, inabaki 1, zinauzwa 30.

Chakula: 70,000 gawa kwa 30 ni 2,333.
Gharama za siku: 19,500 gawa kwa 30 ni 650.
Sahani moja: 2,983.

Kwa bei ileile ya 3,500 anapata 105,000, na akitoa 89,500 anabaki na 15,500. Jana ilikuwa 1,500. Hajaongeza hata mia kwenye bei.

Utaniuliza: na kama wateja ni walewale 26? Swali zuri, maana sahani za ziada hazijiuzi zenyewe. Basi usipike kilo 5. Unahitaji sahani 29 tu: 26 za kuuza, 2 zenu na 1 ya akiba. Mchele kama kilo 4.4, nyama kilo 2.6 na kidogo, na vingine vipungue kwa kiasi hichohicho. Manunuzi yanashuka hadi kama 61,500, na anabaki na 10,000 hivi. Bado ni zaidi ya mara sita ya mwanzo.

Tahadhari moja. Usipunguze wali kimyakimya mpaka mteja aone sahani ina kipara. Lengo la bakuli ni kila mteja apate sawa. Ukiona wateja wanaomba kuongezewa kila mara, kipimo chako ni kidogo. Ukiona sahani zinarudi na wali, kipimo ni kikubwa.

Hatua ya 4: Jilipe na wewe

Kwenye hesabu zote hizo, kuna mtu hajalipwa: mpishi mkuu. Kama dada angeugua wiki moja, angemlipa mtu wa kupika. Basi naye ana mshahara. Tuseme 10,000 kwa siku.

89,500 jumlisha 10,000 ni 99,500. Gawa kwa 30 ni 3,317.

Hiyo ndiyo gharama ya kweli ya sahani moja ya kula pale bandani. Kwa bei ya 3,500 inabaki 183. Hiyo ndogo ndiyo faida ya biashara yenyewe, ya kununua sufuria jipya na kuvumilia siku ya mvua. Kama unaona haitoshi, sasa una haki ya kupandisha bei, kwa sababu unajua unapandisha kwa nini na kwa kiasi gani.

Hatua ya 5: Sahani ya oda ni bidhaa nyingine

Hapa ndipo wauzaji wa mtandaoni tunaumia. Tunaweka bei moja, mteja ale pale au apelekewe.

Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, kwa hiyo mfuko unaomfungia mteja unaununua kwa hela ya kuonekana. Tuseme kifungashio cha chakula ni 350, mfuko mbadala 150, kijiko na tishu 100. Jumla 600.

3,317 jumlisha 600 ni 3,917. Na pikipiki bado haijawaka.

Ukimuuzia mteja wa oda kwa 3,500, unamlipa wewe 417 ili ale chakula chako. Ukiandika na "tunakuletea bure", unaongeza na nauli ya bodaboda juu. Unaweza kupata oda kumi kwa siku, ukafurahi, na kila moja ikawa inakutoboa mfuko.

Kwa hiyo andika bei mbili: ya kula hapa, na ya kufungiwa. Nauli ya boda iandike peke yake, mteja aione na alipe yeye. Kama anaagiza mmoja kutoka mbali, mwambie nauli mapema. Kama ni ofisi moja yenye watu sita, boda ni mmoja, wagawane. Hapo ndipo oda zinapokuwa na faida.

Makato ya simu nayo usiyaache. Hela ikiingia kwenye simu, kuitoa kuna makato. Ndiyo maana watu wanasema "tuma na ya kutolea". Angalia makato ya mtandao wako kwa kiasi unachotoa kwa wiki, gawa kwa oda za wiki hiyo, na uongeze kwenye sahani. Ukitoa hela mara moja kwa mkupuo, kwa kawaida unakatwa kidogo kuliko ukitoa kila oda inapoingia.

Kitu kimoja kizuri: anayelipa kwa simu hana shida ya chenji. Bandani 4,200 ni usumbufu, lakini kwenye simu ni bei ya kawaida kabisa. Usijilazimishe kwenye 4,000 kwa sababu ya mazoea ya noti.

Lini urudie hesabu?

Huna haja ya kurudia yote kila nyanya zikipanda. Angalia vitu vizito. Kwenye sufuria la dada wetu, mchele na nyama ni 47,000 kati ya 70,000, yaani karibu theluthi mbili. Nyama ikipanda buku kwa kilo, ni 3,000 zaidi kwa siku, gawa kwa 30, sahani imepanda shilingi 100. Mchele ukipanda 300 kwa kilo, ni 1,500 zaidi, sahani imepanda 50. Vikipanda vyote viwili, ile 183 yako imebaki 33. Hapo usisubiri mwezi uishe.

Na kama soko lako halikubali bei mpya kabisa, usiuze sahani ileile kwa hasara. Badilisha sahani. Siku nyama imepanda, weka wali maharage na dagaa uwe mlo wa bei ya chini, na wali nyama ubaki kwa anayeweza kuulipia. Kila mlo uwe na hesabu yake, maana faida ya maharage isitumike kuficha hasara ya nyama.

Kwa kuanzia, kesho tafuta makopo matatu na kiganja cha maharage. Wiki ijayo ukikaa na daftari, namba ya kwanza kuandika iwe ya kopo la kwanza. Ukikwama, weka hesabu yako kwenye komenti, tuipitie pamoja.